Maswali ya dodoso kwa shahidi aliyemtambua mshtakiwa usiku: wakili wa utetezi aulize nini, na asivuke wapi

Shahidi amemaliza kuongozwa na mwendesha mashtaka. Amenyoosha kidole kuelekea kizimbani na kusema kwamba aliyemvamia usiku ule ni huyu hapa. Sasa zamu ni ya wakili wa utetezi kufanya dodoso, yaani kumuuliza shahidi wa upande wa pili maswali ya kuupima ushahidi wake.

Mwongozo huu unahusu kinachofuata hapo, katika aina moja tu ya kesi: ile inayosimama au kuanguka kwa utambuzi wa macho usiku. Nimeichagua kwa sababu shahidi wa kesi hii mara nyingi si mwongo. Ameibiwa kweli, ameogopa kweli, na anaamini kwa moyo wote kile anachokisema. Kinachobishaniwa ni kama amemfananisha mtu. Wakili anayemshambulia shahidi wa namna hiyo anamwonea, na papo hapo anaiharibu kesi ya mteja wake, kwa sababu hakimu humwonea huruma anayeonewa na kusahau udhaifu wa alichokisema.

Kuhusu sheria, nchi nyingi zilizorithi mfumo wa mahakama wa Kiingereza zina mipaka inayofanana sana. Sheria za ushahidi za Kenya na Tanzania, kwa mfano, zilichota kwa wingi kutoka Sheria ya Ushahidi ya India ya mwaka 1872. India yenyewe iliibadilisha kwa sheria mpya iliyoanza kutumika Julai 1, 2024, lakini maneno ya ile ya zamani bado yanaishi kwa warithi wake. Kwa hiyo nitataja vifungu vya sheria ile ya 1872. Namba za vifungu katika nchi yako zitakuwa nyingine. Vitafute katika toleo la sheria linalotumika sasa kabla hujavitaja mahakamani.

Kesi tutakayoifanyia kazi

Huu ni mfano wa kutunga, ila umejengwa kwa mambo yanayojirudia katika kesi za aina hii. Watu watatu wanavunja mlango wa nyumba usiku, wanachukua simu na pesa, wanaondoka. Mwenye nyumba anakuja mahakamani na kusema: "Niliwaona vizuri kwa mwanga wa taa. Walikaa ndani kama dakika tano. Mshtakiwa nilimtambua palepale, kwa sababu ni mtu ninayemwona mara kwa mara mtaani."

Maelezo aliyoyatoa kituo cha polisi asubuhi iliyofuata yanasema hivi: "Walikuwa watatu. Mmoja alikuwa mrefu, amevaa koti jeusi. Nikimwona tena naweza kumtambua. Taa ilikuwa inawaka chumbani kwangu, wao walikuwa sebuleni." Hakuna jina. Hakuna mahali aliposema kwamba mmoja wao anamfahamu.

Hatua ya kwanza: yaweke maelezo mawili ubavu kwa ubavu

Kabla ya kusimama, gawa karatasi sehemu mbili. Kushoto andika alichosema shahidi kituo cha polisi, kulia alichosema leo mahakamani, kwa maneno yake mwenyewe, si kwa muhtasari wako. Muhtasari ndiko upotoshaji unakoanzia. Ukiandika "polisi alisema hakumtambua", utakuja kuuliza hivyo, na si kweli kwamba alisema hivyo. Alichosema ni kwamba akimwona tena anaweza kumtambua. Tofauti ni ndogo kwa macho, ila ndiyo inayotenganisha swali halali na swali litakalopigiwa pingamizi.

Kisha tia alama mambo ambayo mahakama itayapima. Katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilieleza kwamba ushahidi wa utambuzi wa macho haufai kutegemewa mpaka uwezekano wote wa kumfananisha mtu uwe umeondolewa. Ikaorodhesha maswali ya kupima: shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, akiwa umbali gani, katika mazingira gani ya mwanga, na kama alikuwa anamfahamu kabla. Uingereza iliweka mwongozo unaokaribiana na huo katika kesi ya Turnbull, miaka michache kabla. Katika kesi ya Marwa Wangiti Mwita ya mwaka 2002, mahakama hiyohiyo ya Tanzania ikaongeza jambo linalotuhusu sana hapa: shahidi kumtaja mtuhumiwa mapema iwezekanavyo ni uthibitisho muhimu wa kuaminika kwake, na kuchelewa kumtaja au kutomtaja kabisa bila maelezo kunapaswa kuifanya mahakama iwe na shaka.

Basi maeneo yetu ni mawili tu: taa na jina. Wakili mgeni ataanza na saa, atapita kwenye mlango, rangi ya simu na idadi ya pesa, na atakapofika kwenye jina hakimu atakuwa amechoka. Mawili yanatosha.

Hatua ya pili: swali elekezi lenye jambo moja

Swali elekezi ni lile linalobeba ndani yake jibu ambalo muulizaji analitaka. Mwendesha mashtaka akimwongoza shahidi wake haruhusiwi kuliuliza juu ya jambo linalobishaniwa iwapo upande wa pili unapinga, isipokuwa kwa ruhusa ya mahakama. Wakili wa utetezi kwenye dodoso anaruhusiwa. Kifungu cha 143 cha sheria ya 1872 kina sentensi moja tu: maswali elekezi yanaweza kuulizwa katika dodoso. Sababu yake ni kwamba shahidi wa upande wa pili hana mwelekeo wa kukubali maneno ya wakili wa utetezi, kwa hiyo hatari ya kulishwa maneno ni ndogo.

Ila ruhusa hiyo ina gharama. Ukiuliza "Taa ilikuwa wapi?", maneno ni ya shahidi. Ukiuliza "Taa ilikuwa chumbani, si ndivyo?", maneno ni yako, na wewe ndiye unayewajibika kwa kila kipande chake. Kwa hiyo kabla ya kuliuliza swali elekezi, livunje vipande na ujiulize kila kimoja umekitoa wapi: kwenye ushahidi wa leo, kwenye maelezo ya polisi, kwenye kielelezo, au kwenye maagizo ya mteja wako. Kipande kisicho na chanzo kitoe.

Swali liwe na jambo moja tu. Katika mahakama ambazo hakimu bado anaandika mwenendo wa kesi kwa mkono, jibu haliandikwi kama "ndiyo". Hakimu analigeuza kuwa kauli ya shahidi: "Taa ilikuwa chumbani. Wale watu walikuwa sebuleni." Ukimuuliza "Taa ilikuwa chumbani na mlango ulikuwa umefungwa na wewe ulikuwa na hofu, sivyo?", naye akajibu "Hapana", hakuna ajuaye alichokikataa, na jaji wa rufani atakayesoma karatasi ile miaka miwili baadaye hatajua pia. Uliza, kisha itazame kalamu ya hakimu. Ikisimama, uliza linalofuata. Ukimya ule mfupi pia humpa shahidi nafasi ya kufikiri, na ni haki yake.

Kwenye suala la taa, mfululizo unaweza kwenda hivi:

"Nyumba yako ina chumba na sebule?" "Ndiyo."
"Kati yake kuna ukuta?" "Upo."
"Usiku ule taa uliyoiwasha ni moja?" "Moja."
"Ilikuwa chumbani?" "Ndiyo, lakini mwanga ulikuwa unafika sebuleni."
"Ulikuwa unafika kwa kupitia mlango wa chumba?" "Ndiyo."
"Wale watu walikuwa sebuleni muda wote?" "Ndiyo."

Hapo simama. Kishawishi ni kuuliza lile la mwisho: "Kwa hiyo hukuweza kuona sura vizuri?" Usiliulize. Atajibu kwamba aliona vizuri, na atakuwa amerudia ushahidi wake mara ya pili kwa msaada wako. Hitimisho la mwanga hafifu ni la kusema kwenye majumuisho ya mwisho, kwa kutumia majibu haya haya.

Mpaka wa kwanza: swali linalopotosha

Swali la kupotosha ni lile linalomtaka shahidi akubali jambo moja huku likipenyeza jingine ambalo hajalisema, au linalomnukuu tofauti na alivyosema. Linakuwa baya zaidi likiulizwa kwa namna elekezi, kwa sababu shahidi anajibu sehemu ya mbele ya swali na kuiacha ya nyuma ipite.

Katika kesi yetu, hili ndilo linalojitokeza haraka: "Ulipowaambia polisi kwamba hukumtambua mtu kwa sababu ya giza, ulikuwa unasema kweli?" Tulivunje. Kwamba aliwaambia polisi jambo fulani ni kweli. Kwamba aliwaambia hakumtambua mtu si kweli. Hakutaja jina, basi. Kwamba alisema kulikuwa na giza si kweli hata kidogo. Alisema taa ilikuwa inawaka. Shahidi akijibu "Ndiyo, nilisema kweli", amekubali mambo mawili ambayo hajawahi kuyasema. Jibu kama hilo linafurahisha kwa dakika moja. Kisha mwendesha mashtaka anasimama, anasoma maelezo yenyewe kwa sauti, na kuanzia hapo hakimu anakagua kila swali lako kwa shaka.

Swali halali juu ya jambo hilohilo ni jepesi zaidi: "Katika maelezo yako polisi, hukutaja jina la mtu yeyote?"

Aina ya pili ni swali lililojengwa juu ya jambo ambalo halijathibitishwa. "Bia ulizokunywa jioni ile zilikuwa ngapi?" Hakuna aliyesema alikunywa. Shahidi akitaja idadi yoyote, hata sifuri, ameingia kwenye mjadala wa ulevi usiokuwepo. Kama una msingi wa kuuliza, anza na msingi: "Jioni ile ulikunywa pombe?" Akikataa, una la kuchagua: ama unaye shahidi wa kuja kulithibitisha, ama unaliacha.

Hapo ndipo linapokuja suala la msingi wa kuuliza. Huhitaji kuwa na ushahidi kamili mkononi kabla ya kumdokezea shahidi jambo. Mahakama Kuu Kabisa ya Kanada, katika kesi ya Lyttle ya mwaka 2004, ilisema inatosha wakili awe na msingi wa nia njema: taarifa anayoiamini kwa sababu inayoeleweka, hata kama hana shahidi wa kuithibitisha. Sheria ya 1872 inaelekea hukohuko. Kifungu cha 149 kinakataza maswali ya kuchafua tabia ya shahidi bila sababu ya msingi ya kudhani kuwa ni kweli, na kifungu cha 150 kinairuhusu mahakama kumripoti wakili aliyeuliza bila msingi kwa mamlaka inayomsimamia. Neno la mteja wako kwamba shahidi ana deni naye ni msingi. Kubuni kwako mwenyewe kwamba huenda wana ugomvi si msingi.

Kuna hali moja ambayo mawakili vijana huniuliza sana. Mteja amekiri kwako faraghani kwamba alikuwepo. Je, unaweza kumdodosa shahidi wa utambuzi? Unaweza. Una haki ya kupima kama ushahidi wa mashtaka unatosha: taa ilikuwa wapi, muda ulikuwa kiasi gani, mbona jina halikutajwa. Usichoweza ni kumwambia shahidi kwamba mshtakiwa usiku ule alikuwa kwingine, kwa sababu hapo unaiambia mahakama jambo unalojua ni uongo. Kupima ushahidi kunaruhusiwa, kudanganya hakuruhusiwi, na mstari kati ya hayo mawili unapita kwenye maneno ya swali lenyewe.

Hatua ya tatu: mpeleke shahidi kwenye maelezo yake

Sasa jina. Hapa kuna utaratibu, na ukirukwa kazi yote inapotea. Kifungu cha 145 kinasema shahidi anaweza kuulizwa juu ya maelezo yake ya maandishi bila kuonyeshwa, ila ukikusudia kumpinga kwa maandishi hayo, ni lazima kwanza aelekezwe kwenye sehemu zile hasa utakazozitumia. Sheria inadai hivyo ili shahidi apate nafasi ya kueleza. Huenda askari aliruka sentensi. Huenda alisema na haikuandikwa. Anayo haki ya kulisema hilo kabla hajaitwa mtu wa kujichanganya.

Kwanza mfunge kwenye ushahidi wa leo, bila kejeli: "Umeiambia mahakama kwamba ulimtambua mshtakiwa palepale?" "Ndiyo." "Kwa sababu ni mtu unayemwona mara kwa mara mtaani?" "Ndiyo."

Pili, jenga uzito wa maelezo ya polisi: "Ulitoa maelezo polisi asubuhi iliyofuata?" "Uliyatoa wakati mambo yakiwa bado mapya kichwani?" "Ulisomewa, kisha ukasaini?" Kama hukuiona saini kwenye nakala yako, usiulize hili la mwisho kwa namna elekezi.

Tatu, omba ruhusa ya mahakama kumwonyesha maelezo. Ayatambue: kwa saini, kwa jina, kwa mwandiko wake. Kama hajui kusoma, omba karani amsomee mbele ya mahakama. Mwelekeze kwenye sentensi zenyewe, si kwenye ukurasa mzima. Zisomwe neno kwa neno.

Nne, uliza: "Katika sentensi hizo, hukusema kwamba mmoja wao unamfahamu?" Kisha mwache ajibu. Mwache hata kama jibu ni refu. Katika kesi yetu anaweza kusema: "Nilimwambia askari, lakini hakuandika." Wakili asiyejiandaa hukata kauli hapo kwa sauti kubwa, "Jibu ndiyo au hapana!" Hakuna sababu. Jibu lake limefungua swali jingine halali: "Uliposomewa maelezo kabla ya kusaini, ulimwambia askari kwamba ameacha jambo?" Lolote atakalojibu, mahakama imepata kitu cha kupima, na hukumdhalilisha mtu.

Tano, omba maelezo yapokelewe kama kielelezo. Wengi husahau. Wanasoma, wanauliza, wanakaa chini wakiwa wameridhika, na siku ya hukumu maelezo hayamo kwenye jalada la mahakama kama ushahidi. Yasiyopokelewa hayawezi kupimwa.

Hatua ya nne: mwambie shahidi hoja ya utetezi

Kama mshtakiwa atakuja kusema kwamba usiku ule alikuwa kazini, shahidi wa utambuzi lazima aambiwe hilo angali kizimbani cha mashahidi. Kanuni hii inajulikana kwa kesi ya Browne dhidi ya Dunn, iliyoamuliwa na Baraza la Malodi la Uingereza mwaka 1893: ukitaka kusema shahidi haaminiki katika jambo fulani, mpe kwanza nafasi ya kulijibu. Mahakama ya Rufani ya Tanzania imesema mara nyingi kwamba upande usiomhoji shahidi juu ya jambo muhimu huchukuliwa kuwa umelikubali.

Linatosha kusemwa hivi: "Nakueleza kwamba mtu uliyemwona hakuwa mshtakiwa, umemfananisha. Unasemaje?" Atakataa, na hiyo ni sawa, hukuliuliza ili akubali. Angalia pia neno "umemfananisha". Kama hoja yako ni makosa ya macho, usimwambie anasema uongo. Tuhuma ya uongo inahitaji sababu ya kudanganya, na kama huna sababu hiyo mkononi, umeibadilisha kesi yako mwenyewe kuwa ngumu kuliko ilivyokuwa.

Mpaka wa pili: swali linalodhalilisha

Sheria ya 1872 inatofautisha mambo mawili ambayo mawakili wengi huyachanganya. Kifungu cha 151 kinahusu maswali ya aibu au ya kukashifu. Hapo mahakama *inaweza* kuyakataza hata kama yana uhusiano fulani na kesi, isipokuwa yale yanayogusa jambo lenyewe linaloamuliwa. Kifungu cha 152 kinahusu swali linaloonekana kukusudia kutukana au kuudhi, au ambalo ni halali ila limetungwa kwa namna inayokera bila sababu. Hapo mahakama *itakataza*, haina hiari.

Kwa hiyo swali la aibu linaweza kupita iwapo kesi inalihitaji. Swali la matusi halipiti, hata kama habari iliyomo ndani yake ni ya kweli na ina maana kwenye kesi. "Wewe si ndiye mlevi anayejulikana mtaa mzima?" na "Jioni ile ulikunywa pombe kabla ya kulala?" yanagusa jambo moja. La pili linakwenda kwenye uwezo wa shahidi kuona, nalo ni halali ukiwa na msingi. La kwanza linakwenda kwenye utu wake. Hakimu akilikataza, huna haki ya kulalamika kwamba umezuiwa kujitetea.

Matusi hayapo kwenye maneno tu. Kuuliza swali lililokwisha kujibiwa kwa mara ya nne ukitumaini achoke, kumkata kauli, kumcheka, kusogelea kizimba hadi ajikunyate, kumwambia "usinidanganye" baada ya kila jibu, kugeukia watu walioketi na kutikisa kichwa: yote haya ni bughudha, na mengi hayaonekani kwenye mwenendo ulioandikwa. Ndiyo maana mwendesha mashtaka makini husimama na kuomba yaandikwe: "Mheshimiwa, naomba kumbukumbu zionyeshe wakili amemsogelea shahidi na kupaza sauti." Ikishaandikwa, itasomwa kwenye rufaa.

Dodoso kali haligeuki bughudha kwa sababu tu shahidi ameumia au amelia. Kuulizwa kwa nini hukutaja jina kunaumiza, na hakuna njia ya kuliuliza lisiumize. Kipimo ninachokitumia ni hiki: ukilisema swali hilohilo kwa sauti ya kawaida na maneno ya heshima, je, linabaki na kazi? Likibaki, uliza kwa sauti hiyo. Lisipobaki, kazi yake ilikuwa kutisha tu.

Kwa baadhi ya mashahidi mipaka ni mikali zaidi. Katika makosa ya kujamiiana, kifungu cha 34 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya Kenya ya mwaka 2006 na kifungu cha 41 cha sheria ya Uingereza ya mwaka 1999 vinazuia maswali kuhusu historia ya kimapenzi ya mlalamikaji bila ruhusa ya mahakama, na ruhusa inaombwa kabla ya swali, si baada ya kulitupa. Kwa watoto, hata swali elekezi lenyewe lina shida. Mtoto akiambiwa na mtu mzima mwenye joho "Hukumwona, sivyo?", mara nyingi hukubali ili kumridhisha. Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Lubemba ya mwaka 2014, ilieleza kwamba jaji ana wajibu wa kulidhibiti dodoso la shahidi aliye hatarini kuumizwa, na kwamba wakili hana haki ya kumpachikia mtoto hoja zote za utetezi kama anavyofanya kwa mtu mzima. Kwa mtoto uliza kwa ufupi, neno la kawaida, jambo moja, bila "sivyo" mwishoni.

Pingamizi likija

Mwendesha mashtaka akisimama, nyamaza. Usimalize sentensi kwa haraka ili shahidi asikie. Pingamizi halali linataja kasoro: swali linamnukuu shahidi tofauti, lina mambo mawili, limejengwa juu ya jambo lisilothibitishwa, limeshajibiwa, linamtukana shahidi. "Ni swali elekezi" si pingamizi dhidi ya dodoso, na jibu lako ni la sentensi moja: kwenye dodoso linaruhusiwa.

Kama ana haki, sema "Nalirekebisha, Mheshimiwa" na uulize upya. Hupungukiwi na kitu. Kama unaona hana haki, eleza kwa kifupi jambo unalolitafuta linahusianaje na mwanga, muda, umbali au ufahamu wa awali. Angalia tu usilieleze jibu unalolitaka, kwa kuwa shahidi amesimama hapo anasikiliza. Jambo likiwa nyeti, omba shahidi atoke nje kwanza. Hakimu akilikataa swali ambalo kwa maoni yako ni la msingi, omba swali lenyewe na uamuzi viandikwe kwenye mwenendo, kisha uendelee na eneo linalofuata bila kununa. Swali lililokataliwa na kuandikwa linaweza kuwa sababu ya rufaa. Lisiloandikwa halikuwahi kuulizwa.

Baada ya kuketi

Mwendesha mashtaka ana maswali ya kusawazisha, na haya yanabanwa kwenye mambo yaliyotokea katika dodoso. Sikiliza mambo mawili. La kwanza ni kama anamwongoza: "Kwa hiyo ulimtaja ila askari alisahau, ndivyo?" Huyo ni shahidi wake, swali elekezi limerudi kuwa kosa, pinga palepale kabla jibu halijatoka. La pili ni jambo jipya. Tuseme shahidi sasa anasema mshtakiwa alizungumza na akamtambua pia kwa sauti. Hilo halikuwemo kwenye ushahidi wa awali wala kwenye dodoso. Lipinge. Mahakama ikiliruhusu, omba ruhusa ya kumdodosa juu ya hilo tu, na uwe na maelezo ya polisi yaliyofunguliwa kwenye ukurasa ule ule: "Katika maelezo haya yaliyopokelewa, kuna mahali uliposema ulisikia sauti unayoifahamu?"